Dakika Tatu ya Kusema Mimi ni Nani

Mutu akikuambia ujieleze mu dakika tatu, unaona ni kitu kidogo. Mimi niliona vile. Nilimaliza secondaire, niko na diplôme d'État, ninasema Kifaransa, Kiswahili na Kinande, na batu ba kwetu banasemaka kama kinywa yangu haina breki. Dakika tatu ni nini? Kumbe ilinikula juma nzima, na ilibakia kidogo inipotezee kiti yenye benzangu ba Beni balinituma nikamate.

Kiti ile ilikuwa mu conseil d'administration ya chama yetu. Chama haiko kubwa. Tunatafutaka batu benye kutoa damu bila kulipwa, tunabakusanya siku moja yenye ilipangwa pamoja na hospitali, ili mama mwenye kuzaa, ao mutoto mwenye malaria ilimumaliza damu, bapate musaada bila familia kuanza kukimbia mu mutaa na kulilia kila ndugu. Makao ni Butembo. Beni tuko na antenne, ni kusema kikundi kidogo, batu kumi na moja, bote bénévoles, banatumika bure. Mimi njo nilikuwa nachunga carnet yenye majina ya batoaji. Conseil, yenye inaamuaka mambo yote, ina viti saba. Byote saba bilikuwa bya batu ba Butembo.

Hapana kusema balikuwa babaya. Lakini mutu mwenye hako mu salle ya mukutano, unamusahau. Mwaka yenye ilipita balitupangia siku ya kutoa damu katikati ya Ramadhani. Kwetu Beni batoaji mingi ni bachauffeur na bachuuzi, Waislamu kama sisi, na banafunga. Mutu mwenye hajakula wala kunywa toka alfajiri, hapana kumutoa damu. Infirmier, muuguzi mwenye kutosha damu, alifika toka Butembo na glacière yake ya kuchunga damu mu baridi na mifuko yake, akakaa siku nzima, mifuko ikabakia tupu. Batu balikuwa banapita kuomba radhi ku mulango. Baba yangu, mwenye iko na gari mbili ya kubeba mizigo, alisimama pale na kofia mu mukono, akamuambia infirmier: "Mutusamehe, muganga. Lakini mungetuuliza." Infirmier naye akaomba radhi, kila mutu akamuombea mwenzake radhi, na jioni hospitali haikukuwa na damu.

Sasa administrateur moja, ni kusema mutu wa conseil, akahamia Kampala na familia yake. Kiti ikabakia wazi. Statuts, sheria za chama, zinasema kama conseil inaweza kuchagua mutu wa kumuriti, akae kwanza, mpaka assemblée générale ya wanachama bote imukubali ao imukatae. Ba Beni balikutana, bakanichagua mimi. Mumoja akasema: "Huyu iko na haraka kupita kiasi. Muache akabasukume." Na tulijua kitu ingine: Jumamosi yenye conseil ingeangalia ile kiti, siku ile ile njo ingepanga siku zote za kutoa damu za mwaka. Nikipata kiti, Beni itasema. Nikikosa, tutangojea mwaka mwingine na kuomba radhi ku mulango.

Balitaka barua na maelezo yangu mbele ya Jumatatu. Njo pale nilikosa.

Kaka yangu alikuwa ameandika barua mingi ya kutafuta kazi mu ba ONG. Kila kijana wa Beni ao Butembo anajua ile barua, karibu tungeweza kuiimba pamoja. Nilimuomba moja, nikaenda nayo ku secrétariat public, kwa ule mama mwenye kupigiaka batu barua ku machine, nikamuambia: "Mama, unibadilishie jina, unibadilishie chama, ile ingine iko sawa." Ilisema mimi ni dynamique, ponctuelle, mwenye uwezo ya kutumika chini ya presha, mwenye kufikia malengo bila kusimamiwa. Nilisoma mistari mitatu ya juu, nikaona inapendeza, nikatia sahihi, nikamupatia chauffeur moja wa baba aifikishe Butembo.

Jumatano nilishuka Butembo mwenyewe. Nilifikia kwa tante yangu, mudogo wa mama, mu mutaa wa Vulamba. Sijaweka hata mufuko chini, simu inalia. Ni présidente wa conseil. Nikuje ku bureau.

Présidente ni infirmière wa zamani, mama munene kidogo, mupole, mwenye kuvaa miwani ku kamba. Bureau yao ni chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi, na meza moja na viti bine. Alinionyesha kiti.

"Keti, mama. Safari?"

"Muzuri, mama présidente."

"Beni banaamuka?"

"Banaamuka, mama, banakusalimia."

"Wasingya, asante. Sasa uniambie. Unataka mushahara ya ngapi?"

Nikafikiri sikusikia vizuri. "Mushahara ya nini, mama?"

Akasukuma barua yangu juu ya meza, akaweka kidole chini kabisa, chini ya sahihi yangu. Pale kuliandikwa: Prétention salariale, à discuter. Ni kusema, mushahara tutaelewana.

Nilisikia uso yangu inawaka mpaka ku masikio. Nikamuelezea: barua ya kaka, machine, haraka. Hakucheka. Sasa ninafikiri alikuwa anajizuia.

"Mutoto yangu, hapa administrateur hapatake hata franc moja. Siku ingine unatosha franc ya pikipiki mu mufuko yako."

"Ninajua, mama. Mwaka mbili ninatumika bure."

"Wewe unajua. Barua yako haijue." Akavua miwani. "Secrétaire amesoma. Papa wa quincaillerie, ule wa conseil mwenye kuuzishaka misumari na rangi, naye amesoma. Yeye anakuitaka Mama À-Discuter."

"Mama, nibadilishe. Kesho asubui nitaleta ingine."

"Imekwisha kuingia mu dossier. Secrétaire wetu alikuwa mwalimu mwaka makumi tatu, yeye hatoshake kitu mu dossier. Lakini Jumamosi utapata dakika tatu. Utajieleza kwa kinywa yako mwenyewe."

"Niseme nini?"

"Wewe ni nani, na utatusaidia nini. Usijiimbe, batu ba hapa habapendi. Mais usikuje pia kulala chini."

Ile neno ya mwisho njo sikukamata. Nilikamata tu "usijiimbe". Nilirudia Vulamba kwa miguu, niko nasema peke yangu mu njia kama mutu wa homa.

Kwa tante kulikuwa kumejaa. Toka vita ifike upande wa kusini ya Lubero, alipokea mama moja wa Luofu na batoto bake babili, na sasa balikuwa kama ndugu. Balikuwa banagombana juu ya chumvi na moto kama ndugu. Jioni ile tulikaa ku baraza tunachagua maharagi. Nilibaambia habari ya barua. Tante alicheka mpaka maharagi ikamwangika.

"À discuter! Na haujui hata kuamuka mapema!"

"Tante, hapana kucheka. Jumamosi niseme nini?"

Tante akajipangusa macho. Upande wa mama ni Bakristo; yeye ni mutu wa parokia, iko mu comité tatu, anajua mukutano. "Sasa bameisha kukuona kama mutu wa tamaa. Donc ujishushe. Useme wewe ni mutoto yabo, ulikuja kujifunza, hauna kitu. Ukisema diplôme, umekwisha. Ukisema ninajua hivi na hivi, banasema angalia huyu wa Beni."

Nikasimama, nikajaribu mbele yabo, na sahani ya maharagi mu mikono. "Bazazi, mimi ni mutoto yenu. Sina kitu ya kuonyesha. Nilikuja kujifunza miguuni yenu..."

Tante akasema: "Njo ile. Muzuri."

Mama wa Luofu hakuangalia juu. Alikuwa anatosha mawe mu maharagi. "Mbona unaongea kama mutu mwenye kuja kuomba chumvi?"

"Weye nyamaza," tante akamuambia. "Ku Luofu mulikuwa na conseil?"

"Hapana. Tulikuwa na shamba na batu ba kutusaidia kulima. Huyu singemukamata."

Bakacheka bote babili. Mimi sikucheka. Nilijifunza ile maneno ya kujishusha siku mbili nzima, mpaka nikaweza kuisema bila kufikiri. Ni pale nilipaswa kuogopa.

Jumamosi conseil ilikutana mu darasa ya mwaka ya tano. Viti ni vidogo, bakubwa balikaa magoti yakiwa karibu na kidevu, na inje ukungu haikukuwa imetoka. Balikuwa sita. Présidente akafungua na maombi, akafanya alama ya musalaba, bote bakafanya, kisha akaniangalia kidogo, akangoja. Nikafungua mikono yangu kama tunavyofanya kwetu. Akatingisha kichwa, tukaketi. Secrétaire akasoma procès-verbal, ripoti ya mukutano yenye ilipita, polepole, na koma zote. Nilikuwa ninakanyaga mguu moja na mwingine chini ya kiti.

Kisha akageuza ukurasa. "Point ya pili. Kiti yenye iko wazi. Candidate moja, kutoka antenne ya Beni. Dakika tatu, kisha maulizo, kisha anatoka, tunapiga kura." Akaweka simu yake juu ya pupitre, meza ya mwanafunzi. "Ikilia, unanyamaza."

Nikasimama. Nikasema maneno ya tante yote, moja kwa moja, sikusahau hata moja. Mutoto yenu. Sina kitu. Miguuni. Asante. Nikaketi.

Kuku alipita ku mulango. Papa wa quincaillerie, mutu murefu mwenye veste ya kijivu, akageuka mu kiti yake ndogo, akaniangalia.

"Imeisha?"

"Imeisha, papa."

"Basi, Mama À-Discuter, mimi niko nauliza. Kama haujue kitu, Beni balikutuma juu ya nini? Kule hakuna mutu mwenye kujua?"

Bakacheka, hata présidente. Haikukuwa kicheko kibaya, njo ile ilikuwa mbaya zaidi. Niliona benzangu kumi mu Beni benye balingojea simu yangu, na niliona kama nilibatukana: balichagua mutu, na mutu anasimama kusema hana kitu. Maneno ya tante ilikuwa ya adabu, lakini haikukuwa ya kweli.

Secrétaire akaangalia simu. "Ametumia secondes makumi ine. Inabakia dakika mbili na kitu."

Nikasimama tena. Sikuomba ruhusa, ile pia ilikuwa kosa.

"Papa, kuna kitu moja ninajua. Iko moja tu. Ninajua kuita batu siku yabo."

"Ni nini ile?"

"Zamani kule Beni tulikuwa tunaita batoaji wakati hospitali inalia. Mutu anaacha gari yake, anaacha biashara yake, anakuja. Banamuuliza: ulitoa lini mara ya mwisho? Banahesabu, banasema rudia nyumbani, miezi mitatu haijatimia. Kwa mwanamuke ni mine. Mutu akirudishwa mara mbili, mara ya tatu haitike. Niliona mu carnet yetu majina mingi yenye ilitoa mara moja na kupotea. Nilifikiri ni baoga. Nikabapigia simu. Habakukuwa baoga, balikuwa bamekasirika."

Nilikuwa naongea mbio. Nikajikaza, nikapumua.

"Kwa baba yangu, ku ukuta, kuna kalenda ya gari. Kila gari na siku yake ya kubadilisha mafuta ya moteur. Mimi njo naandikaka toka niko mutoto. Basi nilifanya vile ku carnet: mbele ya kila jina, siku yenye anaweza kutoa tena. Si mbele ya siku ile. Tunamupigia simu siku mbili kabla. Haiko kazi yangu peke, kuna benzangu babili banapiga simu pamoja na mimi, mumoja anajua Kinande kunipita. Benye balikuwa bamepotea, bamoja balirudi. Si bote."

"Batu haiko gari," papa akasema.

"Ndiyo, papa. Gari hainaga bibi."

Habakuelewa nilitaka kusema nini, na mimi mwenyewe sikupanga kusema ile. Lakini ilikwisha kutoka, na saa inaenda.

"Nilikosa pia. Siku moja nilipiga simu kwa mutoaji, bibi yake akaitika. Mimi na haraka yangu nikasema: umuambie siku yake ya damu imefika. Yule mama hakujua kama bwana anatoaka damu. Alifikiri iko na ugonjwa anamuficha. Alilia siku nzima, akaita mpaka bakwe. Bwana alikuja kwetu akanisimamisha mu kiwanja, akaniambia: mutoto, umeniuza. Hakutoa tena, na ni haki yake. Toka siku ile, nisipomusikia mwenyewe ku simu, ninasema tu nitarudilia kupiga. Na carnet inalala mu sanduku yenye kufuli."

Présidente aliweka kalamu chini. Aliniangalia juu ya miwani.

"Yenye sijue ni mingi. Sijaongoza mukutano hata siku moja. Statuts nilisoma mara mbili, na article zingine sikuelewa. Na mujue hii: glacière ikifika Beni, inabebwaka na gari ya baba yangu. Siku mutaongea juu ya ile gari, mimi nitatoka inje, mutaamua bila mimi. Kitu yenye naweza kuleta ni siku za batu ba Beni, kazi yabo, mufungo yabo, soko yabo, ili..."

Simu ikalia. Nikafunga kinywa mu katikati ya neno. Secrétaire aliizima, na niliona anapenda kama nilinyamaza.

"Maulizo," akasema.

Papa wa quincaillerie akainua kidole. "Na ile à discuter?"

"Ilikuwa mu barua ya kaka yangu, papa. Niliikopia na kila kitu. Sikusoma mpaka chini."

"Kaka alipata kazi?"

"Hapana, papa."

Bakacheka tena, na sasa mimi pia nilicheka, sikuweza kujizuia. Mama moja mwenye alikuwa karibu na dirisha, mwenye kuuzishaka vitenge mu soko, hakucheka sana. Alingoja batu banyamaze.

"Mama, ile haraka, utaipeleka wapi? Hapa tunaongeaka muda murefu. Kitu moja inaweza kukula mikutano mitatu."

"Nitajaribu kuvumilia, mama."

"Utajaribu tu?"

"Nikisema zaidi ya ile, nitakuwa nakudanganya."

Alitingisha kichwa, sijue kama ni ndiyo ao ni masikitiko. Présidente akasema: "Utoke kidogo, mama."

Inje kulikuwa baridi ile ya Butembo yenye inaingia mu viatu. Nilisimama karibu na ukuta ya matofali. Nilisikia sauti yabo mais si maneno. Sauti ya papa ilikuwa inarudi mara mingi, na ya mama wa vitenge fupi fupi. Nilijaribu kukumbuka nilisema nini, nikaona mambo yenye niliacha. Sikusema kama ninasema luga tatu. Sikusema diplôme. Sikusema hata kama mimi ni ponctuelle, na siku ile nilifika saa moja mbele ya bote. Nilijiuliza kama nilifanya vibaya kusema habari ya yule bibi. Mutu gani anaenda kuomba kiti na kosa yake mu mukono? Kisha nikafikiri: angalau sasa kama banasema hapana, banasema hapana kwa mimi, haiko kwa kaka.

Simu yangu ilitetemeka mu mufuko. Ni ba Beni. Sikuitika.

Nilibakia pale mpaka ukungu ikapanda na nikaanza kuona paa za upande wa pili. Secrétaire mwenyewe alikuja ku mulango. "Ingia."

Kura ilipigwa na vikaratasi. Alikuwa nayo mbele yake, imekunjwa moja moja, kama dawa. Akasoma: "Batu sita. Ndiyo, ine. Hapana, moja. Karatasi tupu, moja. Candidate anaingia mu conseil, mpaka assemblée générale iamue. Unakubali?"

"Ninakubali."

"Utie sahihi hapa. Usome kwanza."

Nilisoma kila mustari mpaka chini. Walingoja bote, na papa wa quincaillerie alikohoa kidogo. Nikatia sahihi.

Mbele ya kuketi kwangu, papa akasema, bila kupandisha sauti: "Mimi njo ile hapana. Sitaki uanze kuitafuta mu siri. Ulisema vizuri, mais mimi sijakuona ukitumika. Utanionyesha."

"Sawa, papa."

"Sawa."

Nilikaa mu kiti ya yule mwenye alienda Kampala. Ilikuwa ndogo kama zingine.

Point ya tatu ilikuwa programme ya mwaka. Secrétaire alikuwa ameiandika ku ubao na chaki, siku kwa siku, na parokia na mitaa. Butembo ilikuwa na mistari mingi. Beni ilikuwa na moja. Nilitaka tupate mbili, lakini présidente alieleza kama infirmier ni mumoja na glacière ni moja, na niliona ni kweli. Moja basi. Haikukuwa mu Ramadhani. Mutu alikuwa ameangalia kalenda. Nilifurahi. Bakaanza kupita mbele, banaongea juu ya parokia moja yenye padri alibadilishwa.

Lakini mimi nilikuwa na carnet mu sac. Niliitosha chini ya pupitre, nikaifungua polepole. Banaume walikuwa sawa, miezi mitatu imepita kabisa. Nikashuka ku banamuke. Mara ya mwisho bamama mingi ba soko na bibi ba bachauffeur balikuja pamoja, siku moja, balikuwa banajikaza kwa kuonyesha bwana zabo. Nilihesabu miezi mine toka siku ile. Nikahesabu tena na vidole. Kwa ile siku yenye iko ku ubao, walikuwa bamekosa siku nane.

Siku nane. Bangekuja, bangejipanga mumoja nyuma ya mwenzake mu ligne, na infirmier angebarudisha bote.

Nilifikiri ninyamaze. Nilikuwa administrateur toka dakika makumi mbili. Mutu mupya anasikiliza kwanza, tante angesema vile, na mama wa vitenge alikuwa ameuliza juu ya haraka yangu karibu sasa hivi. Bakamaliza mambo ya padri. Secrétaire akakamata chaki kuweka mustari chini ya programme, na mustari ule ukiwekwa hautoke.

Nikainua mukono.

"Naomba kusema."

Présidente akageuka. "Useme, administrateur."

"Ile siku ya Beni. Kwa banaume iko muzuri. Kwa bamama inakosa siku nane. Tuichelewishe juma mbili, tupate bote."

"Umejuaje?" papa wa quincaillerie akauliza.

"Iko mu carnet, papa."

"Onyesha."

Akanyoosha mukono ili nimupatie. Nilishika carnet. Mukono yake ilibakia pale mu hewa, kubwa, na alama ya rangi ku vidole, na nikakumbuka ni nani iko mbele yangu: ile hapana.

"Majina siwezi kukuonyesha, papa. Hata wewe. Nitakuonyesha siku."

Nikakamata karatasi ya ordre du jour, orodha ya mambo ya mukutano, nikaikunja mu urefu, nikafunika nayo safu ya majina, nikaishika na kiganja ili isiteleze. Kisha nikapeleka carnet juu ya pupitre yake, mimi nikiwa nimeishika upande moja.

Papa akainama. Alikuwa na macho mabaya kidogo, alikaribisha uso mpaka karibu ya karatasi. Aliweka kidole ku tarehe ya kwanza, akashuka ku ya pili, ku ya tatu, midomo yake inatembea bila sauti. Alifika chini, akarudi juu, akahesabu tena. Mama wa vitenge alisimama, akakuja kuangalia juu ya bega yake, naye akaanza kuhesabu.

"Ni nane kweli," papa akasema.

Secrétaire aliangalia présidente, présidente akaitika na kichwa. Akafuta ile siku na mukono ya koti yake, akaandika ingine.